Kwa Nini Herufi Hubadilika Faili la Word Likihamia Kompyuta Nyingine

Tuseme katibu wa SACCOS moja mjini Morogoro ameandaa ripoti ya mkutano mkuu wa mwaka kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Ripoti ina kurasa 40. Ameiandika kwa fonti iitwayo Lato, aliyoipakua bure mtandaoni kwa sababu inasomeka vizuri hata ikiwa ndogo, na amehangaika hadi kila jedwali la hesabu likaenea kwenye ukurasa wake. Asubuhi anatia faili kwenye flashi na kwenda steshenari kuchapa nakala za wanachama. Faili linapofunguliwa kule, herufi si zile tena. Ripoti imekuwa na kurasa 43, jedwali la mikopo limekatika katikati, na mistari ya sahihi ya mwenyekiti na mhasibu imesukumwa hadi ukurasa wa mwisho, ikiwa peke yake. Ukurasa wa yaliyomo unasema taarifa ya mikopo iko ukurasa wa 17, lakini ukiitafuta unaikuta ukurasa wa 19.

Hapo ndipo mtu huambiwa kwamba faili limeharibika, au flashi ina virusi. Mara nyingi wala si hivyo. Maneno yote yapo, tarakimu zote zipo, na hata maelezo ya ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari yapo kama yalivyoachwa. Kilichokosekana ni kitu ambacho hakikuwahi kuwemo ndani ya faili tangu mwanzo, nacho ni maumbo ya herufi.

Faili la Word lenye kiambishi cha .docx, kwa undani wake, ni kifurushi cha zip chenye mafaili madogo kadhaa. Moja linaitwa document.xml, na humo ndimo yanamokaa maneno yenyewe pamoja na maagizo ya namna ya kuyaonyesha. Kwa ripoti ya katibu wetu, agizo la fonti linasomeka hivi:

```
<w:rFonts w:ascii="Lato" w:hAnsi="Lato"/>
```

Tazama vizuri: hilo ni jina tu. Hakuna mchoro wa herufi A, hakuna kipimo cha upana wa herufi m. Michoro na vipimo hukaa kwenye faili la fonti, ambalo kwenye Windows huwekwa kwa kawaida katika folda ya C:\Windows\Fonts, na folda hiyo ni mali ya kompyuta, si mali ya ripoti. Ni kama kumpelekea fundi cherehani wa mji mwingine karatasi yenye jina la kitambaa bila kitambaa chenyewe. Akiwa nacho dukani atashona ulichotaka. Asipokuwa nacho atachukua kinachokaribiana.

Nayo Word huchagua kinachokaribiana kwa utaratibu. Ndani ya kifurushi kile mna faili jingine, fontTable.xml, linaloorodhesha kila fonti iliyotumika pamoja na maelezo mafupi juu yake: kama herufi zake zina vijimkia kwenye ncha kama Times New Roman au hazina kama Arial, kama kila herufi ina upana sawa na mwenzake, inaweza kuandika lugha za aina gani, na pia safu ya namba 10 iitwayo PANOSE, inayoeleza mambo kama unene wa herufi na uwiano wake. Kompyuta ya steshenari inasoma maelezo hayo, inatazama fonti ilizonazo, na kuchukua mojawapo. Haimuulizi mtu, wala haitoi onyo. Tena kisanduku cha fonti juu ya skrini huendelea kuandika Lato, maana hilo ndilo jina lililomo kwenye faili. Hapo ndipo wengi hupotea: macho yanaona herufi ngeni, kisanduku kinasema ni zilezile.

Herufi kubadilika sura si kosa kubwa. Msomaji wa ripoti ya SACCOS hatajali kama a ina tumbo la duara au la. Madhara yanatokana na upana. Kila herufi katika kila fonti ina upana wake uliopimwa, na Word huujaza mstari kwa kujumlisha mapana hayo hadi nafasi iishe. Tuchukue fonti mbili ambazo karibu kila kompyuta ya Windows inazo. Katika ukubwa wa pointi 12, neno «haraka» kwa Times New Roman lina upana wa pointi 32 hivi. Kwa Arial, katika ukubwa uleule wa 12, neno hilo linakaribia pointi 37. Sababu kubwa ni a zake tatu: kila a ya Times ina upana wa pointi 5.3, ya Arial ina pointi 6.7. Lugha yetu imejaa a, kwa hiyo tofauti hiyo inarudiwa karibu katika kila neno.

Karatasi ya A4 yenye pambizo la inchi moja kila upande huacha nafasi ya pointi 451 kwa maandishi. Andika «haraka» mara 12 kwenye mstari mmoja kwa Times New Roman, ukihesabu na nafasi kati ya maneno, utatumia pointi 417 na mstari utatosha. Badilisha kuwa Arial, utahitaji pointi 477. Haitoshi, na neno la mwisho linashuka mstari wa chini.

Neno moja likishuka, aya inaweza kuongezeka mstari mzima. Ripoti ya katibu ina aya kama 6 kwa ukurasa, yaani 240 kwa kurasa 40. Ikiwa theluthi moja tu ya aya hizo zimeongezeka mstari mmoja mmoja, hiyo ni mistari 80 mipya. Ukurasa wake unachukua mistari 32. Mistari 80 ni kurasa mbili na nusu, na kwa hiyo ripoti iliyokwisha ukurasa wa 40 inavuka hadi wa 43. Urefu nao una sehemu yake, kwa sababu kila fonti hubeba kipimo chake cha nafasi kati ya mstari na mstari, hata pale ambapo ukubwa unaosomeka kwenye skrini ni uleule.

Ukurasa wa yaliyomo una kisa chake. Namba za kurasa zilizomo humo Word haizihesabu upya kila mara faili linapofunguliwa. Ziliandikwa mara ya mwisho katibu alipoliagiza jedwali hilo lijisasishe, na zimebaki kama maandishi ya kawaida hadi mtu abofye ndani yake na kubonyeza F9. Maandishi mengine yamesogea, zenyewe zimesimama. Ndiyo maana 17 imebaki 17 wakati taarifa ya mikopo imeshafika ukurasa wa 19.

Siku hizi tatizo hili linawapata hata watu ambao hawajawahi kupakua fonti yoyote. Word ilianza kutumia Calibri kama fonti yake ya kawaida katika toleo la 2007, na ikaendelea nayo hadi 2023, Microsoft ilipoiondoa kwenye nafasi hiyo na kuweka Aptos. Anayenunua kompyuta mpya yenye Microsoft 365 anafungua ukurasa mtupu na kuanza kuandika kwa Aptos bila kuichagua. Akipeleka faili mahali penye Word 2010 au 2013, kompyuta ile haijui Aptos ni nini. Microsoft imeiweka fonti hiyo kwenye tovuti yake ili mtu aipakue bure, lakini ni steshenari chache zitakazofikiria kuitafuta.

Kabla ya kutafuta dawa, hakikisha ugonjwa. Kwenye kompyuta ambako herufi zimebadilika, fungua faili, nenda File, kisha Options, kisha Advanced, ushuke hadi sehemu inayoitwa Show document content, ubofye kitufe cha Font Substitution. Litafunguka dirisha lenye safu mbili: fonti inayokosekana upande mmoja, na iliyokalia nafasi yake upande wa pili. Ukiona Lato imeandikwa pale, umepata jibu. Word ikikuambia kwamba hakuna fonti iliyobadilishwa, basi chanzo ni kingine, na cha kwanza kutazama ni ukubwa wa karatasi: faili la A4 likilazimishwa kwenye karatasi ya Letter ya Kimarekani, iliyo fupi zaidi na pana kidogo, kurasa husogea pia. Katika dirisha lile kuna kitufe cha Convert Permanently. Usikiguse. Kinafuta jina la Lato ndani ya faili na kuandika jina la fonti mbadala, na ripoti ikirudi nyumbani haitapona tena. Bila kitufe hicho, faili lilelile likifunguliwa kwenye kompyuta ya katibu litarudi kuwa na kurasa 40, kwa kuwa jina bado limo na fonti ipo.

Dawa yenyewe inaitwa kupachika fonti, yaani kuyaingiza maumbo ya herufi ndani ya kifurushi cha .docx ili yasafiri pamoja na maneno. Hufanywa kwenye kompyuta iliyo na fonti. Hili nalisisitiza kwa sababu watu hujaribu kulifanya steshenari, baada ya madhara kutokea, na pale hakuna cha kupachika. Katibu, akiwa nyumbani, anafungua ripoti yake, anakwenda File, Options, halafu Save. Chini kabisa kuna sehemu inayohusu kulinda sura ya waraka unaposhirikiwa na wengine, na ndani yake kuna kisanduku cha Embed fonts in the file. Anakitia tiki, anabofya OK, kisha anahifadhi faili. Wanaotumia kompyuta za Mac hukipata kwenye mipangilio ya Word, sehemu ya Save, katika matoleo ya kuanzia 2019.

Chini ya kisanduku hicho kuna vingine viwili vidogo, na uamuzi juu yake ndio unaotofautisha upachikaji unaofanya kazi na ule wa jina tu.

Cha kwanza ni Embed only the characters used in the document. Ukikitia tiki, Word haipachiki fonti nzima, bali herufi zile tu zilizotumika kwenye waraka. Faida yake ni uzito. Faili la Arial ya kawaida katika Windows 10 lina karibu MB 1 lenyewe, na herufi nene, za mlazo na nene za mlazo ni mafaili mengine matatu. Ukipachika yote, faili la ripoti linanenepa, na kwa anayelituma kwa bando la simu hilo si jambo dogo. Lakini fikiria ripoti iliyoandikwa kwa Kiswahili kitupu. Haina q hata moja, haina x hata moja. Mhasibu akiifungua kwenye kompyuta yake isiyo na Lato na kuongeza jina la mwanachama mpya aitwaye Maxmillian, ile x haimo kwenye kifurushi, kwa hiyo haiwezi kuonekana kwa Lato kama wenzake. Ushauri wangu ni huu: kama faili linakwenda kuchapwa tu, tia tiki, kama kuna mtu atakayelihariri, acha wazi ukubali uzito.

Cha pili ni Do not embed common system fonts. Kinaiambia Word isipachike fonti za kawaida za mfumo, kama Arial na Times New Roman, kwa kudhani kila kompyuta inazo. Dhana hiyo ni kweli kati ya Windows na Windows. Si kweli kwa kompyuta ya Linux. Huko mara nyingi utakuta LibreOffice na fonti zilizochorwa makusudi ziwe na mapana yaleyale: Liberation Serif kwa Times New Roman, Liberation Sans kwa Arial, Carlito kwa Calibri. Sura hutofautiana kidogo, lakini kwa kuwa kila herufi ina upana uleule wa mwenzake, mistari hukatika palepale na kurasa hazisogei. Carlito, kwa bahati, imejengwa juu ya Lato hiyohiyo ya katibu wetu, iliyochorwa na Łukasz Dziedzic wa Poland. Herufi zake zimerekebishwa upana hadi zikalingana na Calibri. Lato na Carlito zinafanana sana machoni, ila hazibadilishani kwenye ukurasa. Kwa anayejua kwamba faili linakwenda kwa mtu wa Linux, ni salama zaidi kukiacha kisanduku hiki cha pili bila tiki.

Sasa, utajuaje kwamba fonti imeingia kweli? Usiridhike na tiki. Tengeneza nakala ya faili, ibadilishe kiambishi kutoka .docx kuwa .zip, uifungue. Ingia folda ya word, na humo tafuta folda iitwayo fonts. Kama upachikaji umefanikiwa, utakuta mafaili yenye kiambishi cha .odttf, moja kwa kila mtindo: la kawaida, la herufi nene, na kadhalika. Hizo ni fonti zako. Kiambishi ni kigeni kwa sababu Word huvuruga baiti 32 za mwanzo kwa ufunguo maalumu, ili mtu asizichomoe kirahisi na kuzitumia kwingine. Kama folda ya fonts haipo, hakuna kilichopachikwa, hata kama tiki ipo. Katibu akague pia kama vichwa vya habari alivyoviandika kwa Lato Light au Lato Black vimeingia, kwa kuwa Word inazihesabu kama fonti zenye majina yao, mbali na Lato ya kawaida.

Tiki kuwepo na fonti isiingie ni jambo linalotokea, na kwa kawaida sababu ni ruhusa. Fonti ni kazi ya mtu, na ndani ya kila fonti kuna alama ndogo iliyowekwa na mwenyewe inayosema ni kwa kiasi gani inaruhusiwa kupachikwa. Kwenye Windows, fungua folda ya C:\Windows\Fonts, bofya fonti kwa kitufe cha kulia, chagua Properties, halafu Details, utafute mstari wa Font embeddability. Ukisoma Installable au Editable, hakuna shida. Waraka utafunguka kwa fonti hiyo na utaharirika. Kuna ngazi ya kati inayoruhusu kuona na kuchapa tu, na hapo anayepokea anaweza kushindwa kuhariri waraka mpaka fonti iondolewe. Ukisoma Restricted, Word haitaipachika kabisa. Fonti zilizotolewa kwa leseni ya wazi ya SIL, kama Lato na nyingi za kwenye Google Fonts, zinaruhusiwa wazi kupachikwa kwenye nyaraka. Sababu nyingine ya kushindwa ni aina ya fonti yenyewe. Fonti zenye kiambishi cha .ttf hupachikwa vizuri. Baadhi ya zile za.otf zimejengwa kwa michoro ya PostScript, na hizo huenda zisiingie au ziingie pungufu. Fonti ikipatikana kwa namna zote mbili, chukua ya .ttf.

Upachikaji una mipaka pia upande wa anayefungua. Word ya Windows, Word mpya za Mac na LibreOffice husoma fonti zilizopachikwa. Programu za simu na zile za kuhariri ndani ya kivinjari usizitegemee kwa hilo, kwa hiyo mwenyekiti akifungua ripoti kwenye simu yake na kulalamika kwamba majedwali yamekatika, msimlaumu katibu kabla ya kuiona kwenye kompyuta.

Kwa ripoti inayokwenda kuchapwa bila kuguswa, PDF inatosha na ni rahisi zaidi. Word inapohifadhi waraka kama PDF huingiza humo herufi zilizotumika na kila neno hukaa mahali pake. Fonti isiyoruhusu kupachikwa nayo ina njia: kwenye Options za kuhifadhi PDF kuna kisanduku cha Bitmap text when fonts may not be embedded, ambacho huyafanya maandishi ya fonti hiyo kuwa picha. Sharti ni lilelile: PDF itengenezwe nyumbani, kwenye kompyuta yenye fonti. Ikitengenezwa steshenari baada ya Lato kukosekana, itahifadhi kwa uaminifu kurasa zote 43 zilizovurugika.

Na kama katibu ameshafika steshenari, mkutano ni saa nne, na faili halikupachikwa? Iliyobaki ni kuiweka Lato kwenye kompyuta ile. Abebe mafaili ya .ttf kwenye flashi, au ayapakue palepale, abofye kila moja kwa kitufe cha kulia na kuchagua Install. Tangu toleo la 1809 la Windows 10, mtumiaji wa kawaida anaweza kufanya hivyo kwa ajili ya akaunti yake bila nywila ya msimamizi. Nywila huhitajika tu akichagua Install for all users. Aweke mitindo yote iliyotumika kwenye ripoti, afunge Word kabisa, kisha alifungue faili upya. Idadi ya kurasa iko pembeni chini kushoto mwa skrini. Ikisoma 40, apekue majedwali na mistari ya sahihi mara moja, halafu achape.